Kishazi hiki ni cha aina gani? Mwongozo wa kutambua vishazi na sentensi kwenye mtihani wa Kiswahili

Kila msimu wa mtihani maswali ni yaleyale. "Mwalimu, hii ni changamano au ambatano?" "Hiki ni vumishi au elezi?" "Mbona nimeona -po- nikaandika elezi, nikakosa?" Anayeuliza huwa amekariri fasili zote. Anachokosa ni utaratibu wa kufuata akiwa na sentensi mbele yake na dakika mbili mkononi, na huo ndio nitakaokupa hapa. Unamfaa mtahiniwa wa kidato cha nne Tanzania na wa KCSE Kenya, ingawa kuna mahali wawili hawa wanaachana, nami nitapaonyesha tukifika.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na penseli, kwa sababu utapiga mistari kwenye sentensi yenyewe. Uzijue silabi za urejeshi za ngeli zote: -ye- na -o- za watu, -lo-, -yo-, -cho-, -vyo-, -zo-, -ko- na nyinginezo, pamoja na -po- ya wakati au mahali. Tena ufahamu kwamba kishazi ni fungu la maneno lenye kitenzi ndani yake. Kikiweza kusimama peke yake ni huru, kikimwacha msikilizaji anangoja ni tegemezi. Nadharia inatosha hapo.

Hatua ya 1: Pigia mstari kila kitenzi, kisha uvihesabu

Usianze kwa kutafuta viunganishi. Wengi huona "na" wakakimbilia kuandika "ambatano", kumbe "na" hiyo inaunganisha watu wawili tu, kama katika "Baba na mama wanalima." Anza na vitenzi.

Hesabu kitenzi chenye alama ya mtendaji mwanzoni (ni-, u-, a-, tu-, wa-, ki-, zi- na kadhalika), kitenzi chenye hu- ya mazoea, amri kama "njoo", na vishirikishi "ni" na "si". Kitenzi kinachoanza na ku- kwa kawaida usikihesabu. "Anataka kwenda kusoma" kina kitenzi kimoja cha kuhesabu, nacho ni "anataka".

Kuna mitego mitatu katika hatua hii, na ndiyo inayokula alama nyingi kuliko yote.

Mtego wa kwanza ni kitenzi kisaidizi. "Mama alikuwa akipika" ina maneno mawili yanayofanana na vitenzi viwili, tena la pili lina -ki-, kwa hiyo mwanafunzi anaandika "changamano". Sivyo. "Alikuwa" hapo inabeba wakati tu, na "akipika" ndiyo tendo. Hesabu moja. Vivyo hivyo "alikuwa amelala" na "atakuwa anasafiri".

Mtego wa pili ni ku- inayokuja baada ya "na". Linganisha hizi:

- Mgeni alifika na kuketi.
- Mgeni anapenda kuimba na kucheza.

Ya kwanza unaweza kuigeuza ukasema "Mgeni alifika akaketi", na maana isibadilike. Basi "kuketi" imeshika nafasi ya kitenzi kamili, ihesabu: vitenzi viwili. Ya pili ukiigeuza itakuwa "Mgeni anapenda akaimba", jambo lisilosemeka. Hapo ku- ni jina la tendo, kitu anachokipenda mgeni. Usiihesabu.

Mtego wa tatu ni neno "kuwa". Katika "Alisema kuwa atakuja" ni kiunganishi, sawa na "kwamba", na haliingii kwenye hesabu. Katika "Kuwa mzazi ni kazi" ni jina la tendo, nalo pia haliingii.

Hatua ya 2: Kitenzi kikiwa kimoja, andika "sahili" na usonge mbele

Urefu usikutishe. "Wanafunzi wa kidato cha pili na walimu wao wawili walisafiri kwa basi hadi Bagamoyo siku ya Jumamosi asubuhi" ni sentensi sahili, kwa kuwa kitenzi ni "walisafiri" peke yake. Kwa upande mwingine, "Akija nitaondoka" ina maneno mawili tu na si sahili. Watunga mtihani wanalijua hili vizuri, ndiyo maana sentensi sahili za mtihani mara nyingi ni ndefu.

Hapa pia angalia "kwa sababu". Katika "Hatukwenda kwa sababu ya mvua" hakuna kitenzi baada yake, kwa hiyo hakuna kishazi cha pili, ni sentensi sahili. "Hatukwenda kwa sababu mvua ilinyesha" ina vitenzi viwili. Tofauti inaanzia kwenye kile "ya" kidogo.

Hatua ya 3: Tenga vishazi huru na tegemezi

Vitenzi vikiwa viwili au zaidi, chunguza kila kimoja. Alama ya utegemezi hukaa mahali pawili.

Inaweza kuwa ndani ya kitenzi chenyewe: urejeshi katikati (aliyesoma, kilichovunjika) au mwishoni (asomaye), -ki- ya masharti (akija), -sipo- (asipokuja), -nge- na -ngali-, -po- (alipofika), -japo- (ajapokataa). Au inaweza kutangulia kishazi kama neno kamili: ambaye, kwamba, kuwa, ili, ingawa, iwapo, kama, kwa sababu, kwa kuwa.

Kiambishi -ka- hakimo kwenye orodha hiyo, nami nimekiacha kwa makusudi. "Alikwenda sokoni akanunua samaki" ni matendo mawili yanayofuatana, na hakuna linalotegemea lingine. Usichanganye "akanunua" na "akinunua". Ni herufi moja tu, lakini inahamisha sentensi kutoka ambatano hadi changamano.

Ukishajua kishazi ni tegemezi, kiwekee mabano kuanzia mwanzo wake hadi mwisho wake. Ukiandika "aliyechelewa" pale ambapo kishazi ni "aliyechelewa kwa sababu ya mvua", umetoa nusu ya jibu. Na uwe mwangalifu pale mtendaji anapokuja nyuma ya kitenzi. Katika "Kitabu alichonunua Asha kimepotea", Asha yumo ndani ya kishazi tegemezi, kwa maana yeye ndiye aliyenunua. Kishazi ni "alichonunua Asha", na kilichobaki, "Kitabu kimepotea", ndicho kishazi huru.

Hatua ya 4: Toa aina ya sentensi

Vishazi huru viwili au zaidi bila kitegemezi: ambatano. Kishazi huru kimoja na kitegemezi kimoja au zaidi: changamano.

Je, vishazi huru viwili na kitegemezi ndani yake? "Mwanafunzi aliyefaulu alifurahi na wazazi wake wakamzawadia." Hii iandike ambatano. Vitabu vingi vya sekondari Tanzania husema wazi kwamba sentensi ambatano inaweza kuundwa na sahili mbili, na sahili pamoja na changamano, au na changamano mbili. Kinachotazamwa ni kiungo kikuu kinachogawa sentensi nzima, na hapa ni "na".

Hapa ndipo Tanzania na Kenya zinapoachana. Tanzania hufundishwa aina ya nne, sentensi shurutia, yaani ile yenye sharti na matokeo yake: "Ungefika mapema ungemkuta", "Mvua ikinyesha tutapanda mahindi." Katika mtihani wa NECTA, ukiona sharti, andika shurutia. Kenya aina kuu kimuundo ni tatu, na sentensi hizohizo huingia kwenye changamano. Hakuna aliyekosea, ni mitaala miwili. Balaa ni kwa anayesoma madokezo ya nchi moja na kufanya mtihani wa nchi nyingine, na simu zimewafanya watu hao wawe wengi.

Hatua ya 5: Tambua kazi ya kila kishazi tegemezi

Sasa tumefika penye utamu na penye machozi. Kanuni ninayoisisitiza ni hii: aina ya kishazi hutokana na kazi kinayoifanya kwenye sentensi, si na umbo lake. Silabi ileile yaweza kuwa kwenye kishazi cha aina zote tatu, yaani vumishi, nomino na elezi. Tazama -vyo-:

- Viatu alivyovaa vilimbana.
- Alivaa alivyoagizwa.
- Sikupenda alivyovaa.

Ukiangalia umbo utasema zote ni sawa. Zipime kwa kuondoa kishazi na kuweka neno moja au mawili mahali pake, kwa mpangilio huu.

Kwanza tafuta nomino mbele ya kishazi. Je, kuna nomino inayotajwa tena na silabi ya urejeshi? "Viatu" ni ngeli ya ki-vi, wingi, urejeshi wake ni -vyo-. Zinakubaliana. Weka "hivyo" ya kuonyeshea: "Viatu hivyo vilimbana." Inakaa sawa. Kishazi kinaeleza viatu gani, basi ni kishazi vumishi.

Kama nomino haipo, jaribu kuweka "jambo hilo", "kitu hicho" au "mtu huyo". "Sikupenda jambo hilo." Inakaa. Ukiuliza "Hukupenda nini?" jibu ni kishazi chenyewe. Basi ni kishazi nomino, na hapa ni shamirisho la "sikupenda".

Kama hilo nalo limekataa, jaribu maneno ya wakati, mahali, namna au sababu: "wakati huo", "huko", "vile", "kwa hiyo". "Alivaa jambo hilo" haisemeki, "Alivaa vile" inasemeka. Ni kishazi elezi cha namna.

Onyo dogo juu ya kitenzi "kusema". Watu husema "Alisema hivyo", kwa hiyo ukipima "Alisema kwamba amechoka" utadhani "hivyo" inathibitisha kielezi. Kwa vitenzi vya kusema, kufikiri na kujua, tumia swali "nini?" Alisema nini? Kwamba amechoka. Ni nomino.

Neno "kama" linapimwa vilevile. "Sijui kama atakuja": sijui nini? Nomino. "Kama atakuja, nitamngoja": ni sharti, elezi. "Anaimba kama chiriku": hakuna kitenzi baada ya "kama", kwa hiyo hakuna kishazi kabisa, turudi hatua ya 2.

Mfano mmoja hadi mwisho

*Mvuvi aliyenunua mashine mpya alisema kwamba atarudi baharini upepo ukitulia, lakini mkewe hakukubali.*

Vitenzi: aliyenunua, alisema, atarudi, ukitulia, hakukubali. Ni vitano, na hakuna kisaidizi kati yao. Si sahili.

Alama za utegemezi: "aliyenunua" ina -ye-, "atarudi" imetanguliwa na "kwamba", "ukitulia" ina -ki-. Vilivyobaki ni "alisema" na "hakukubali", navyo ndivyo vya vishazi huru. Kati yao yupo "lakini". Sentensi ni ambatano, ambayo upande wake wa kwanza ni changamano na wa pili ni sahili.

Sasa vitegemezi. "Aliyenunua mashine mpya" kina nomino mbele yake, "mvuvi", na -ye- inamrejelea. Mvuvi huyo. Vumishi.

"Kwamba atarudi baharini upepo ukitulia" hakina nomino mbele yake. Alisema nini? Hayo. Nomino, shamirisho la "alisema". Angalia kwamba mabano yanafungwa baada ya "ukitulia". Mvuvi hakusema tu kwamba atarudi, alisema na lini atarudi. Ukifunga mabano baada ya "baharini", upepo utakuwa unatulia ili mvuvi aseme, na hiyo ni habari nyingine.

"Upepo ukitulia" kimo ndani ya kile cha juu. Atarudi lini? Wakati huo. Elezi, kinaeleza "atarudi". Kishazi ndani ya kishazi ni jambo la kawaida, kila kimoja upime na kitenzi kinachokishikilia. Na mtahiniwa wa Tanzania asidanganywe na -ki- hii akaandika "shurutia". Sharti liko ndani ya maneno ya mvuvi, halikujenga sentensi nzima.

Yakikukwama

*Kishazi kina urejeshi lakini hakina nomino mbele yake.* Mfano: "Aliyeiba amekamatwa." Kikazi ni nomino, maana ndicho kiima: "Mtu huyo amekamatwa." Lakini madokezo mengi, hasa ya Tanzania, hugawa vishazi tegemezi mara mbili tu, vumishi na elezi, na kwa mgawanyo huo chochote chenye urejeshi wa mtu au kitu huitwa vumishi, kwa hoja kwamba "mtu" amedondoshwa. Soma swali. Likiuliza kazi ya kishazi, sema ni kiima. Likikupa machaguo ambayo nomino haimo, chagua vumishi. Binafsi naona mgawanyo wa sehemu mbili unabana mno, lakini chumba cha mtihani si mahali pa kubishana nao.

*Nomino ipo mbele, kisha "kwamba".* "Taarifa kwamba shule itafungwa ilitushtua." Jaribu kuweka "ambayo" mahali pa "kwamba": "Taarifa ambayo shule itafungwa" haisemeki. Basi si urejeshi. Kishazi kinataja taarifa yenyewe, kwa hiyo kihesabu pamoja na vya nomino. Linganisha na "Taarifa aliyoleta ilitushtua", ambayo ni vumishi bila shaka.

*Kitenzi hakina alama yoyote lakini hakisimami vizuri peke yake.* Huenda ni dhamiri tegemezi, ile inayomalizika kwa -e: "Mwalimu alitaka tuondoke." Alitaka nini? Tuondoke. Ni kishazi nomino, sentensi ni changamano.

*"Alikuwa" na kitenzi cha -ki- vimetenganishwa.* "Mama alikuwa jikoni akipika." Hapa "Mama alikuwa jikoni" inajitosheleza, kwa hiyo kuna hoja nzuri ya kuiita changamano, na "akipika" ni elezi. Tofauti na "Mama alikuwa akipika", ambayo ukikata baada ya "alikuwa" unabaki na kipande.

*Swali linataka utunge, si utambue.* Ukiambiwa uunganishe "Mzee alifika" na "Mzee alibeba kikapu" kuwa changamano, andika "Mzee aliyebeba kikapu alifika" au "Mzee ambaye alibeba kikapu alifika". Usiandike "ambaye aliyebeba". Urejeshi mara mbili ni kosa la sarufi, na jibu lenye wazo sahihi laweza kupoteza alama kwa hilo.

Jaribu hizi

Funika majibu kwanza.

a) Mahali alipoweka funguo panajulikana.
b) Nimesahau alipoweka funguo.
c) Alipoweka funguo mezani, simu ililia.
d) Watoto walikuwa wakicheza uwanjani kwa sababu ya joto.
e) Kengele ililia, wanafunzi wakatoka, lakini mwalimu aliyekuwa akisahihisha madaftari hakuinuka.

Majibu: (a) changamano, kishazi "alipoweka funguo" ni vumishi, kinaeleza "mahali". (b) Changamano, kishazi ni nomino: nimesahau jambo hilo. (c) Changamano, kishazi "alipoweka funguo mezani" ni elezi cha wakati. (d) Sahili: "walikuwa wakicheza" ni kitenzi kimoja na kisaidizi chake, na "kwa sababu ya joto" haina kitenzi. (e) Ambatano yenye vishazi huru vitatu. Kitegemezi ni "aliyekuwa akisahihisha madaftari", vumishi cha "mwalimu". Ukikosa (b), rudia jaribio la "nini?" kwenye hatua ya 5. Ukikosa (d), tatizo liko hatua ya 1, kwenye kuhesabu vitenzi.